Kunakili kadi za katalogi kutoka kwenye picha: mwandishi, jina la kitabu na namba ya rafu

Kabla hujapiga picha hata moja, au kabla hujapokea picha ulizopigiwa na mwingine, muulize mkutubi swali moja: maktaba hii ina kadi za orodha ya rafu? Jibu lake linaweza kukupunguzia kazi hadi theluthi.

Kabati lile ambalo wasomaji hulizoea, lenye droo ndogo ndogo, lina kadi kadhaa kwa kila kitabu. Ipo ya mwandishi, ipo ya jina la kitabu, na zipo moja au mbili au tatu za mada. Ukinakili droo hizo kadi kwa kadi, kitabu kimoja kitakuletea mistari mitatu hadi mitano kwenye jedwali, kila mmoja ukiwa na tofauti ndogo ya nafasi au nukta, na wiki zitakuishia katika kuiunganisha. Orodha ya rafu ni kitu kingine. Ni droo ambazo kwa kawaida hukaa upande wa watumishi, zikiwa na kadi moja tu kwa kila kitabu, zimepangwa kwa namba ya rafu kama vitabu vyenyewe vinavyosimama. Chini au nyuma ya kadi hizo huandikwa pia namba za usajili za nakala zote. Kama droo hizo zipo, anza nazo na uache zile za wasomaji. Kama zilikwisha kutupwa, tumia droo za waandishi peke yake, na huko chini nitaeleza jinsi ya kuzichuja.

Ninachoeleza hapa ni maktaba inayotumia mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, kwa sababu ndio utakaoukuta katika maktaba nyingi za mikoa, shule na vyuo vya ualimu Afrika Mashariki. Mifano yangu ni ya vitabu vya Kiswahili, ambavyo vina matatizo yake ya pekee, hasa kwenye majina ya watu.

Picha

Kadi ya kawaida ina upana wa sentimita 12.5 na kimo cha sentimita 7.5, na ina tundu chini katikati. Katika tundu hilo hupita fimbo ya chuma inayozishika kadi zisitoke. Omba ruhusa fimbo ivutwe, kisha toa kadi chache kwa wakati mmoja na uzirudishe kabla ya kutoa nyingine, mpangilio usije ukavurugika. Usijaribu kupiga picha kadi zikiwa bado ndani ya droo zimeinamishwa. Mstari wa kwanza utasomeka vizuri, lakini wa chini utafifia, na wa chini ndio wenye habari za kukusaidia baadaye.

Kila kadi ipate picha yake. Najua watu wengi hupanga kadi sita juu ya meza na kuzipiga pamoja ili kuokoa muda. Muda huo utaulipa wakati wa kunakili, utakapokuwa unahesabu kama uliyoisoma ilikuwa ya tatu au ya nne, na baadaye tena, mtu atakapotaka kuhakiki mstari mmoja na asijue pa kutazama. Jina la picha ndilo litakalouunganisha mstari wa jedwali na kadi yake. Lipe muundo usiobadilika: droo, kisha namba ya kadi, kwa mfano `D07-0143.jpg`. Nyuma ya kadi kukiwa na maandishi, picha ya pili iitwe `D07-0143b.jpg`. Ya kwanza kabisa katika kila droo iwe picha ya kibandiko cha mbele ya droo.

Piga kwa rangi. Katika maktaba nyingi za zamani mada zilichapwa kwa utepe mwekundu, na ukigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe maneno hayo hufifia kabisa. Mwanga wa dirishani unaokuja kutoka ubavuni ni bora kuliko taa ya simu, kwa sababu penseli hung'aa chini ya taa ya mbele na kupotea, nayo penseli ndiyo iliyotumika kuandika mabadiliko.

Mara nyingi, hata hivyo, picha hukufikia zimekwisha kupigwa, na zimepita WhatsApp. Hapo kuna madhara mawili. Picha zimebanwa, kwa hiyo 3 na 8 za mashine ya chapa hazitofautiani tena, na majina ya awali ya faili yamefutwa yakawa kitu kama `IMG-20240312-WA0007.jpg`, ambacho hakielezi droo wala zamu ya kadi. Mwombe mpigaji akutumie tena kama nyaraka, si kama picha, au akuletee kwenye flashi. Usianze kunakili mpaka umezipata. Kazi ya kurudia ni kubwa kuliko kusubiri siku mbili.

Kadi yenyewe inasema nini

Tuitazame kadi kuu, yaani ya mwandishi, ya riwaya moja, kwa umbo ambalo mtunza katalogi aliyefuata kanuni za katalogi za mwaka 1978, ziitwazo AACR2, angeliandika. Nimefupisha sehemu ambazo hatuzihitaji.

```
896.3923   Mohamed, Said Ahmed
MOH           Utengano / Said Ahmed Mohamed. --
           Nairobi : Longman, 1980.

              1. Riwaya za Kiswahili.  I. Kichwa.
```

Pembeni kushoto juu ni namba ya rafu, iliyogawanyika katika mistari. Wa kwanza ni daraja la Dewey: 896.392 ni fasihi ya Kiswahili, na 3 ya mwisho inaonyesha kuwa ni riwaya au hadithi. Ingekuwa 1 yangekuwa mashairi, na 2 ingekuwa tamthilia. Wa pili ni herufi tatu za kwanza za jina lililoongoza kadi. Wakati mwingine juu ya yote hayo huwepo alama kama R au REF, yaani kitabu cha marejeo kisichoazimwa. Alama hiyo ni sehemu ya namba ya rafu. Ukiiacha, msomaji atakitafuta kitabu kwenye rafu isiyo yake.

Jina la mwandishi huanzia kwenye ukingo wa kwanza, likiwa limegeuzwa: jina la mwisho, mkato, kisha yaliyobaki. Mstari unaofuata umesogezwa ndani kidogo, na hapo ndipo jina la kitabu lilipo. Mkwaju, yaani alama ya /, wenye nafasi pande zote mbili ndio mpaka wake. Kilicho kabla ya mkwaju ni jina la kitabu, na kilicho baada yake ni waliohusika, kama walivyotajwa kwenye kitabu chenyewe. Nukta mbili zenye nafasi pande zote mbili hutenga jina kuu na jina dogo. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba hayakuwepo kwenye ukurasa wa jina; mtunza katalogi aliyapata kwingine. Kadi za zamani zaidi, za kabla ya miaka ya 1970 kupamba moto, hazina mkwaju huo, na hapo jina la kitabu hukoma kwenye nukta au kwenye neno "by" au "na".

Sehemu ya chini kabisa ndiyo wanakili wengi huiruka, na ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Tarakimu za kawaida hutaja mada, na za Kirumi hutaja kadi nyingine zilizotengenezwa kwa kitabu hicho. Katika mfano wetu, "I. Kichwa" maana yake iko kadi nyingine mahali fulani inayoongozwa na neno Utengano. Kwa hiyo ukiona kadi ina neno juu ya jina la mwandishi, limesogezwa ndani, au limeandikwa kwa herufi kubwa au nyekundu, hiyo si kadi kuu. Ni kadi ya jina la kitabu au ya mada, na mstari wa kitabu hicho utatoka kwenye kadi yake kuu. Huu ndio mchujo nilioutaja hapo mwanzo.

Kadi isiyo na namba ya rafu kabisa, yenye "tazama" au "see" katikati, si ya kitabu. Inaelekeza kutoka jina moja kwenda jina jingine. Usiipe mstari kwenye jedwali, lakini usiitupe; iandike kwenye laha ya pili uiite "majina". Utaihitaji.

Jedwali

Fungua LibreOffice Calc au Excel na uweke safuwima hizi nane, kwa mpangilio huu: A picha, B mwandishi, C kichwa, D alama, E daraja, F herufi, G mwandishi_sanifu, H maelezo.

Namba ya rafu nimeigawa mara tatu kwa makusudi. Ni rahisi kuunganisha vipande kuliko kuvitenganisha, na ukaguzi wote utakaofuata unategemea daraja na herufi kukaa mbalimbali.

Sasa, kabla ya kuandika chochote, chagua safuwima A hadi H, nenda `Format Cells`, na uchague `Text`. Hatua hii haiahirishwi. Programu ya jedwali ikiona 001.42 hudhani ni hesabu, huondoa sifuri mbili za mbele na kukuachia 1.42. Ikiona 896.390 huifanya 896.39. Ikiona 3-5 huigeuza tarehe. Ukibadili kuwa `Text` baada ya kuandika, kilichokwisha kuliwa hakirudi, na hakuna rangi nyekundu itakayokuonya.

Zima pia masahihisho ya kujiendesha, yaani `AutoCorrect`. Yanaweza kugeuza alama ya ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda, na siku msomaji atakapotafuta Ng'weno kwa ritifaa ya kibodi yake hatampata Ng’weno wa kupinda. Chagua moja, iliyonyooka ndiyo rahisi, na uishike hadi mwisho.

Kunakili

Kanuni inayotawala kazi yote ni kwamba safuwima B hadi F zinasema kile kadi inachosema, hata kama unajua kuwa kadi imekosea. Unachokijua wewe kina nafasi yake, safuwima G na H. Wanaoanza huona hii kuwa ni ukaidi tu. Sababu yake ni kwamba namba ya rafu si maoni kuhusu kitabu. Ni mahali kitabu kilipo, na kibandiko kwenye mgongo wa kitabu kilichapwa kwa kufuata kadi hiyohiyo. Ukisahihisha namba kwenye jedwali bila kubandika upya mgongo wa kitabu, umekipoteza kitabu.

Mfano mzuri ni Shaaban Robert. Watunza katalogi wamemweka mahali pawili. Wanaofuata kanuni ya jina la mwisho humwandika "Robert, Shaaban" na kumpa herufi ROB. Wengine, kwa kuwa wasomaji wake wamemjua daima kwa majina yote mawili pamoja, wamemwacha "Shaaban Robert" na kumpa SHA. Maktaba moja inaweza kuwa na yote mawili, kwa sababu kadi ziliandikwa na watu tofauti katika miaka tofauti. Nakili kila kadi ilivyo: safuwima B "Shaaban Robert", F "SHA". Kwenye G andika "Robert, Shaaban" kwa kadi zake zote. Msomaji akitafuta kwa G atavipata vitabu vyote pamoja, na akienda rafuni kwa F atavikuta vinakosimama.

Jina la kitabu linakiliwe kwa herufi kubwa na ndogo kama zilivyo kwenye kadi. Kanuni za katalogi huweka herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina ya pekee tu, kwa hiyo utaona "Dunia mti mkavu" pale ambapo jalada lina herufi kubwa kila neno. Iache hivyo. Jina dogo lifuate baada ya nukta mbili, na mkwaju usiingie kwenye safuwima C. Tahajia ya zamani pia iache.

Kwa namba, jihadhari na mashine ya chapa yenyewe. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha moja. Mpiga chapa alitumia herufi ndogo ya l, na mara nyingine herufi O badala ya sifuri. Machoni hazitofautiani, na ndiyo maana programu ya kusoma herufi kwenye picha hukuletea "l98O". Wewe andika 1980. Hii si kusahihisha kadi, ni kuisoma alivyokusudia aliyeichapa. Kuhusu programu hizo kwa jumla: zinafaa kukupa rasimu ya jina la kitabu, lakini namba ya rafu iandike kwa mkono ukiwa unaitazama picha. Kosa la herufi moja kwenye jina la kitabu huonekana upesi. Kosa la tarakimu moja kwenye namba halionekani.

Mahali pa kusimama na kufikiri ni pale namba imekatwa kwa kalamu na nyingine kuandikwa kando. Kitabu kilihamishwa. Chukua mpya kwenye E na F, na uandike ya zamani kwenye H: "awali 896.3 MOH". Kama kuna namba mbili na hakuna iliyokatwa, chukua iliyochapwa, andika ya penseli kwenye H, na uongeze neno RAFU, maana yake lazima mtu aende akaangalie. Penseli inayosema kitabu kimepotea au kimeondolewa nayo iingie H. Usifute mstari.

Namba za nakala kama c.2 na za juzuu kama v.1 hukaa chini ya herufi tatu. Za nakala ziende H, kwa sababu nakala zote zinakaa pamoja. Juzuu ni tofauti kidogo: kila juzuu ikiwa na jina lake, ipe mstari wake.

Kadi tatu, hatua kwa hatua

Picha D07-0143 ni kadi ya Utengano tuliyoiona. B "Mohamed, Said Ahmed", C "Utengano", D tupu, E "896.3923", F "MOH". G inarudia B.

Picha D07-0144 inaanza na maneno "Nyota ya Rehema" yaliyosogezwa ndani, chini yake "Mohamed, Mohamed Suleiman", kisha jina la kitabu tena na mkwaju. Ni kadi ya jina la kitabu, tena imepotea njia, kwa kuwa droo hii ni ya waandishi. Isinakiliwe bado. Tazama kadi za jirani. Ikiwa kadi kuu ipo, hii iachwe. Ikiwa haipo, inakili na uandike kwenye H "kutoka kadi ya kichwa, kadi kuu haikuonekana".

Kadi hii inafundisha jambo jingine. Namba yake ya rafu ni 896.3923 MOH, ileile ya Utengano, ingawa mwandishi ni mwingine kabisa. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed ni Wazanzibari wawili, wote waandishi wa riwaya, na herufi tatu haziwatengi. Mnakili mwenye haraka huona namba mbili zinazofanana na kudhani ni kosa la kurudia, akafuta moja. Namba ya rafu inayojirudia si dalili ya mstari uliorudiwa. Kurudiwa ni pale ambapo mwandishi, jina la kitabu na namba vyote vitatu vinalingana. Na ukimwongeza Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa Mzimu wa Watu wa Kale, ambaye huandikwa chini ya ABD lakini jina lake la kwanza limeandikwa Mohamed, Mohammed na Muhammad katika kadi mbalimbali, utaelewa kwa nini safuwima G na ile laha ya "majina" ni lazima. Kadi za "tazama" ulizoziweka kando ndizo zitakazokuambia maktaba yenyewe iliamua tahajia ipi.

Picha D11-0020 haina mwandishi. Mstari wa kwanza, kwenye ukingo wa mwandishi, unasomeka "Kamusi ya Kiswahili sanifu", na mistari inayofuata yote imesogezwa ndani chini yake. Umbo hilo la mstari mmoja kutokeza nje linakuambia kuwa jina la kitabu ndilo linaloongoza. Kamusi hiyo ya mwaka 1981 ilitayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na kwa kanuni za 1978 kazi ya taasisi kama hiyo, sawa na kazi ya waandishi zaidi ya watatu, huingizwa chini ya jina la kitabu. B iache tupu. Usijaze "TUKI" kwa sababu unajua. Iweke kwenye G. D ni "REF", E "496.3923", F "KAM". Kadi ya zamani ya kitabu kingine cha taasisi inaweza kuongozwa na jina la taasisi, na hapo B itaandikwa hivyohivyo na nukta zake, kwa mfano "Tanzania. Wizara ya Elimu".

Tazama tena namba hiyo: 496.3923 ni kamusi ya Kiswahili, 896.3923 ni riwaya ya Kiswahili. Tarakimu moja tu inazitenga, na zote mbili ni namba halali. Hakuna programu itakayokuambia umekosea. Atakayekuambia ni yule mstari wa mada chini ya kadi. Namba ikisema riwaya na mada ikisema kamusi, irudie picha.

Ukaguzi

Kila droo ikiisha, ongeza safuwima I hadi L. Hizi zisiwe `Text`, la sivyo fomula itaonekana kama maneno, ziache `General`. Katika I unganisha namba kamili ya rafu:

```
=TRIM(D2&" "&E2&" "&F2)
```

Katika J angalia kama daraja lina tarakimu tatu kabla ya nukta:

```
=IF(FIND(".",E2&".")=4,"","ANGALIA")
```

Katika K angalia kama herufi tatu zinatokana na mwandishi:

```
=IF(UPPER(LEFT(B2,3))=UPPER(F2),"","ANGALIA")
```

Fomula hii itapiga kelele pia mahali ambapo hakuna kosa. Vitabu vinavyoongozwa na jina la kitabu vitajitokeza, na hiyo ni sawa, linganisha herufi na C. Wasifu wa watu utajitokeza, kwa sababu maktaba nyingi huuwekea herufi za anayesimuliwa, si za mwandishi. Ng'weno atajitokeza kwa sababu fomula inahesabu ritifaa kama herufi. Pitia kila ANGALIA, na kama kadi ndivyo inavyosema andika "sawa" kwenye H uendelee. Zile zitakazobaki bila maelezo ndizo zako: umeandika MHO badala ya MOH, au umeruka mstari na kumpa mtu namba ya jirani yake. Kosa hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu huwa haliji peke yake. Ukiruka kadi moja, mistari yote baada yake inaweza kuwa na namba za wengine. Kwa hiyo ukiona ANGALIA tano au sita zimefuatana, usizisahihishe moja moja. Panda juu hadi ulipo mwanzo wake.

Ukaguzi wa nne ni kwa wenye bahati ya kunakili orodha ya rafu. Kadi zake zimepangwa kwa namba, basi namba haiwezi kushuka. Andika hii kwenye L3 na uivute chini:

```
=IF(E3&" "&F3<E2&" "&F2,"IMESHUKA","")
```

Inalinganisha maneno, si hesabu, na inafanya kazi kwa sababu tarakimu za kabla ya nukta ni tatu daima. Ndiyo maana 025 lazima ibaki na sifuri yake. IMESHUKA ina maana mbili tu: umesoma vibaya, au kadi ilirudishwa mahali pasipo pake. Kama ni kadi, namba yake ni sahihi. Andika "kadi haipo mahali pake" kwenye H ili mkutubi aihamishe. Sehemu ya marejeo ikianza namba itarudi chini mara moja, hiyo iache.

Kukabidhi

Hifadhi faili la kazi kwa muundo wa programu yenyewe, `.ods` au `.xlsx`, na nakala ya `.csv` yenye usimbaji wa `UTF-8` kwa kuhamishia kwingine. Usilifungue hilo la `.csv` kwa kubofya mara mbili. Excel italifungua kwa kubahatisha, itakula sifuri zilezile ulizozilinda, na ukibonyeza hifadhi zimekwenda. Likihitajika, liingize kupitia menyu ya data na uzitaje safuwima kuwa `Text`.

Maktaba ikihamia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, safuwima B yenye jina la mtu inaingia kwenye uga wa 100 sehemu ndogo `a`, yenye jina la taasisi kwenye uga wa 110, C kwenye 245 sehemu ndogo `a`, na namba kamili ya safuwima I kwenye 952 sehemu ndogo `o`. Mistari isiyo na mwandishi isiwe na uga wa 100 kabisa, badala ya kuwa na uga mtupu. Safuwima ya picha na ya maelezo mpe mkutubi hata kama mfumo hauna pa kuziweka.

Kabla ya kusema droo imekwisha, chagua mistari ishirini bila kuibagua, ichapishe, na uende nayo rafuni. Kitabu kikiwepo na kibandiko kikilingana na safuwima I, weka alama. Kikiwepo lakini kibandiko ni tofauti, andika kilichoko kwenye kibandiko ndani ya H na umwachie mkutubi aamue. Kisipokuwepo, uliza kwanza kama kimeazimwa kabla ya kuandika kwamba hakipo, na kumbuka kuangalia rafu ya vitabu vikubwa, ambavyo kwa sababu ya kimo chao husimama peke yao huku kadi zao hazisemi hivyo. Baada ya hapo pitia mistari yote yenye neno RAFU kwenye H, kwa sababu tayari umesimama pale zilipo.